Kivuli cha nguzo kinavyotaja saa ya picha: mfano wa Ndara

Huku Ndara, karibu na Voi, ndovu akivunja uzio watu hupiga picha, kisha huzuka ubishi: ilipigwa saa ngapi? Ikiwa picha inaonyesha nguzo iliyosimama wima pamoja na kivuli chake chote, nayo tarehe inajulikana, jibu linaweza kupatikana.

Mimi huanza na upande. Kivuli cha asubuhi huelekea magharibi, cha alasiri mashariki. Ili kujua pande hizo, tafuta kwenye picha kitu kisichohama, kama kilima au barabara, ukilinganishe na ramani.

Kisha urefu. Usiweke rula juu ya picha, kwani kivuli kinachomjia mpiga picha au kumwendea mbali huonekana kifupi kuliko kilivyo. Rudi mahali penyewe, tafuta jiwe au kichaka kilichoguswa na ncha ya kivuli, upime kwa futi kutoka shina la nguzo.

Tuseme picha ni ya tarehe 21 Machi, na mwenyewe anasema aliipiga saa tatu na nusu asubuhi. Nguzo ina mita 2, kivuli nacho mita 2, ardhi ni tambarare. Urefu ukilingana hivyo, jua liko digrii 45 juu ya upeo. Mwezi huo jua hupita karibu na utosi wetu na husogea digrii 15 kwa saa, kwa hiyo liko saa tatu kabla au baada ya adhuhuri.

Lakini adhuhuri ya Ndara si saa sita kamili. Saa ya Kenya inafuata jua la longitudo ya 45, karibu na Mogadishu. Ndara iko digrii 6.4 magharibi zaidi, na kila digrii ni dakika 4: hizo ni dakika 26. Mwezi Machi jua lenyewe huchelewa dakika 7 nyingine. Basi adhuhuri ni saa sita na dakika 33, na picha ni ya saa tatu na dakika 33 asubuhi au saa tisa na dakika 33 alasiri. Kivuli kikielekea mashariki, madai ya asubuhi yameanguka.

Tarehe ni lazima. Tarehe 21 Juni jua huwa kaskazini, na kivuli cha alasiri kinacholingana na nguzo huelekea kusini-mashariki mnamo saa nane na dakika 56. Ni tofauti ya dakika 37.

Kukosea sehemu moja ya kumi ya urefu wa kivuli hapa huleta kosa la dakika 12 hivi. Mteremko wa kilima au nguzo iliyoinama huongeza kosa. Kwa hiyo kivuli kinaweza kutenganisha asubuhi na alasiri bila shaka, lakini hakiwezi kuamua ubishi wa dakika tano.