Mtoto hasikii vizuri baada ya mafua: majimaji mazito nyuma ya ngoma ya sikio

Mafua ya mtoto yanaweza kwisha baada ya wiki moja, lakini masikio yake yakabaki yameziba kwa wiki kadhaa zaidi. Mtoto hana homa, hasikii maumivu makali, anakula na kucheza kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba ukimwita haitiki. Wazazi wengi hudhani amekuwa mkaidi. Mara nyingi sababu ni majimaji yaliyojikusanya ndani ya sikio, nyuma ya ngoma ya sikio.

Nini hutokea ndani ya sikio

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna nafasi ndogo inayotakiwa kuwa na hewa tu. Hewa hiyo huingia kupitia mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua, sehemu ya juu ya koo. Kila tunapomeza au kupiga miayo, mrija hufunguka kidogo na hewa mpya hupita.

Mtoto akipata mafua, mrija huu huvimba na kuziba. Hewa iliyobaki ndani hunyonywa na mwili taratibu, na nafasi yake huchukuliwa na majimaji. Mwanzoni huwa mepesi, lakini yakikaa muda mrefu huwa mazito na yanayonata kama gundi. Ngoma ya sikio haiwezi tena kutikisika vizuri, kwa hiyo sauti hufika ndani ikiwa hafifu.

Watoto wadogo hupata tatizo hili zaidi kwa sababu mrija wao ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu usawa, hivyo hauondoi majimaji kwa urahisi. Mtoto anapokua, mrija hurefuka na kuinama, na tatizo hupungua.

Hali hii si sawa na sikio linalotoa usaha. Hapa majimaji yamefungiwa ndani, na hakuna kinachotoka nje. Ukichungulia sikio kwa macho hutaona kitu, na kusafisha nta hakutasaidia.

Mtoto husikia vipi

Ziba masikio yako kwa vidole kisha msikilize mtu anayeongea upande wa pili wa chumba. Utajua kwamba anaongea, lakini maneno mengine yatakupita. Hivyo ndivyo mtoto mwenye majimaji haya anavyoweza kusikia.

Kwa sababu hiyo, kupiga sufuria au makofi nyuma yake si kipimo kizuri. Mtoto atashtuka na kugeuka, nawe utaamini kwamba anasikia sawasawa. Anachokosa ni sauti za chini na maneno yanayosemwa kwa mbali au penye kelele.

Jaribu hivi: mtoto akiwa ametulia, simama nyuma yake, umbali wa karibu hatua moja, asione mdomo wako. Sema kwa sauti ya chini jina la kitu anachokijua, kwa mfano "mpira" au "kijiko", umwambie akuoneshe. Kisha rudia mkiwa mmetazamana, kwa sauti ya kawaida. Akielewa anapokutazama tu, huenda anasoma midomo yako. Rudia siku nyingine, maana usikivu huu hupanda na kushuka. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha kliniki, lakini litakupa jambo la kumweleza mhudumu.

Dalili nyingine ni kuuliza "nini?" mara kwa mara, kuongeza sauti ya televisheni, kuongea kwa sauti kubwa kuliko zamani, kuvutavuta sikio, na kujikwaa kwa sababu ya kukosa usawa. Kwa mtoto mdogo unaweza kuona maneno hayaongezeki.

Mfano: mtoto wa miaka 4

Tuseme mtoto wa chekechea alipata mafua mwanzoni mwa Mei. Mwishoni mwa Mei mwalimu anasema hafuati maelekezo, na nyumbani haitiki akiitwa kutoka jikoni. Mama anampeleka kituo cha afya. Mhudumu anachungulia kwa kifaa chenye taa, anaona ngoma ya sikio imefifia rangi na kuvutwa ndani, bila wekundu mkali wala usaha. Hampi dawa. Anamwambia mama asubiri na arudi baada ya miezi 3.

Mama anaweza kuondoka akiona hakusaidiwa. Lakini kwa watoto wengi majimaji haya huondoka yenyewe ndani ya miezi 3. Antibiotiki hazisaidii hali hii, wala dawa za mafua na za mzio hazikaushi majimaji hayo. Kusubiri ndiyo njia sahihi, mradi tarehe ya kurudi iandikwe na izingatiwe.

Mwishoni mwa Agosti anarudi. Ikiwa anasikia vizuri na ngoma ya sikio inatikisika, yamekwisha. Ikiwa majimaji bado yapo, apimwe usikivu na aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Ikiwa usikivu umepungua katika masikio yote mawili, daktari anaweza kushauri upasuaji mdogo wa kutoa majimaji na kuweka kijibomba kidogo kwenye ngoma ya sikio ili hewa iingie. Kwa kawaida kijibomba hutoka chenyewe baada ya miezi kadhaa.

Wakati wa kusubiri

Msogelee mtoto kabla ya kuongea, mguse au mwite jina, na akutazame usoni. Zima redio mnapozungumza. Mweleze mwalimu ili mtoto akae mbele. Msimulie hadithi mkiwa karibu, ili lugha yake isibaki nyuma.

Usimvutishie moshi wa sigara, kwa sababu huongeza tatizo hili. Mtoto anayetumia chupa anyonye akiwa ameinuliwa, si amelala chali. Usitie mafuta, maji ya kitunguu saumu wala dawa yoyote sikioni. Majimaji yako nyuma ya ngoma, hivyo havitayafikia, na vinaweza kuleta madhara.

Wakati wa kwenda kliniki

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa kuna uvimbe au maumivu nyuma ya sikio au sikio limesukumwa mbele, shingo imekakamaa, uso umepinda upande mmoja, mtoto analala kupita kiasi na ni vigumu kumwamsha, au ni mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa.

Nenda kituo cha afya ndani ya siku 1 au 2 ikiwa sikio linauma sana, kuna homa, au usaha unatoka.

Panga miadi, bila kungoja miezi 3 iishe, ikiwa mtoto amechelewa kuongea, ana mpasuko wa kaakaa au sindromu ya Dauni, au ulikuwa na wasiwasi na usikivu wake hata kabla ya mafua. Kwa watoto hawa kusubiri kunaweza kuficha tatizo lingine au kuwachelewesha kujifunza kuongea.

Ukienda, mweleze mhudumu mafua yalianza lini, ulianza lini kuona hasikii, na ni sauti zipi zinampita. Kama hajachungulia masikio yote mawili, mwombe afanye hivyo.