Orodha ya PDF kuwa majina ya simu

Kuhamisha majina, namba za simu na baruapepe kutoka orodha ya PDF ni kazi ya kuitoa kila safu ya orodha na kuifanya kadi moja ndani ya faili la `.vcf`, ambalo simu huweza kulisoma lote kwa mpigo. Makala hii inachukua mfano wa orodha ya makatibu wa vikundi vya maji wodini Kanyangi, katika eneo bunge la Kitui Rural, kaunti ya Kitui. Orodha ya namna hiyo huwa na nguzo tatu: jina, simu, baruapepe.

Ugumu wake mkubwa unatokana na jinsi PDF inavyohifadhi maandishi. Ndani ya faili kwa kawaida hakuna safu wala nguzo; kuna herufi na mahali kila herufi ilipochorwa kwenye ukurasa. Ukinakili kwa kidole au kwa kipanya, mara nyingi hutoka majina yote kwanza, kisha namba zote. Anayezipanga tena kandokando huona zinalingana. Lakini tuseme katibu wa saba hana namba, na nafasi yake imeachwa wazi. Namba ya wa nane itapanda kwa wa saba, ya wa tisa kwa wa nane, hadi mwisho. Hakuna kinachoonekana kimeharibika, na hilo ndilo la kuogopwa: anayetuma pesa kwa namba hiyo atakuwa anamtumia jirani wa kwenye orodha.

Kwa sababu hiyo maandishi hutolewa kwa programu inayotunza mpangilio wa ukurasa. `pdftotext`, iliyo katika mkusanyiko wa bure uitwao Poppler, hufanya hivyo ikipewa neno `-layout`:

```
pdftotext -layout orodha.pdf orodha.txt
```

Nafasi ya katibu wa saba sasa hubaki wazi kwenye mstari wake mwenyewe. Faili likitoka tupu, PDF hiyo ni picha tu ya karatasi, na itabidi ipitishwe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, ambayo huchanganya 1 na 7, au 0 na herufi O. Hapo kila namba isomwe upya na jicho la mtu.

Hatua inayofuata ni kuzisawazisha namba. Katika orodha moja namba ya Kenya huandikwa kwa sura nyingi: kwa kuanza na 07 au 01, kwa 254, kwa +254, au bila sifuri ya mbele. Hiyo ya mwisho ni kazi ya lahajedwali, ambalo huiona namba ya simu kama kiasi na kuifuta sifuri. Ukiipitisha orodha kwenye lahajedwali, nguzo ya simu ifanywe ya maandishi kabla ya kubandika chochote. Sura salama ni moja: +254, kisha tarakimu tisa. Namba iliyoandikwa hivyo humpata mwenyewe hata anapopigiwa na mwanakijiji aliyeko Muscat au Doha. Kwa simu za mkononi, tarakimu ya kwanza kati ya hizo tisa ni 7 au 1. Ofisi za zamani za Kitui huwa na simu ya mezani inayoanza na 044. Hiyo isitupwe kama kosa, ila sifuri yake nayo huondoka ikiwekewa +254. Kisanduku chenye namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju huzaa mistari miwili ya `TEL`.

Kisha kila safu ya orodha huandikwa kama kadi yake, na kadi iliyokamilika huwa hivi:

```
BEGIN:VCARD
VERSION:3.0
N:Kanyangi;Katibu Maji;;;
FN:Katibu Maji Kanyangi
TEL;TYPE=CELL:+254700000000
EMAIL:katibu@example.org
END:VCARD
```

Toleo la 3.0 lilitangazwa mwaka 1998 na linapokelewa na simu nyingi kuliko la 4.0 la mwaka 2011. Asiye na baruapepe hafanyiwi mstari wa `EMAIL`. Faili lihifadhiwe kwa UTF-8, la sivyo ĩ na ũ za Kikamba zitageuka alama zisizosomeka.

Kabla ya kuingiza, hesabu mistari ya `BEGIN:VCARD` uilinganishe na idadi ya watu katika orodha. Hesabu sahihi bado haithibitishi kwamba kila namba iko kwa mwenyewe, kwa hiyo tazama pia wa kwanza, wa mwisho, na yule anayefuata kila nafasi iliyo wazi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu namba hizi kuwa taarifa binafsi, hivyo faili lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp kwa kuwa tu limekwisha kuwa tayari.

Anza na faili la kadi mbili tu. Zikikaa vizuri, ingiza zilizobaki katika akaunti ya Google badala ya kumbukumbu ya laini: laini hupunguza urefu wa majina na nyingi huacha baruapepe nje. Kuingiza kupitia tovuti ya Google Contacts huwapa wote lebo moja, na wakionekana wamekosewa, lebo hiyo hufutwa pamoja na walio ndani yake bila kugusa majina ya zamani.