Kitabu kirefu kwa sauti ya kompyuta: jinsi ya kuzifanya sura zote zifanane

Unasikiliza kitabu ukiwa ndani ya daladala. Sura ya sita inaisha vizuri, ya saba inaanza, na unalazimika kutoa simu mfukoni kuongeza sauti. Dakika 20 baadaye sura ya nane inakufokea masikioni, na msimulizi naye anaonekana ana haraka kuliko mwanzo. Watu wengi huacha kusikiliza hapo, hata kama hadithi ni tamu.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini jambo hili hutokea kitabu kinaposomwa na sauti iliyoundwa na kompyuta, na namna ya kulizuia. Tutatumia mfano wa kitabu cha maneno 72,000 chenye sura 30. Kwa mwendo wa maneno 120 kwa dakika, hicho ni kitabu cha saa 10, na kila sura ni dakika 20 hivi.

Tuanze na msimulizi mwenyewe. Programu hizi hazichezi maneno yaliyorekodiwa zamani. Huunda sauti upya kila zinapopewa maandishi. Nyingi, ikiwamo Piper ambayo ina sauti ya Kiswahili, zina chembe ya bahati nasibu ndani yake, kwa hiyo sentensi ileile ikisomwa mara mbili hutofautiana kidogo kwa lafudhi na urefu. Tofauti hiyo ndogo haina ubaya, maana hata binadamu husoma hivyo. Kinachosikika ni mtayarishaji anapobadilisha mipangilio katikati ya kazi.

Sisi tulijifunza hilo kwa gharama. Katika kitabu chetu cha kwanza, sura 12 zilikuwa tayari pale mmoja wetu alipoona sauti inakimbia. Akabadilisha `length_scale`, namba inayoamua mwendo, kutoka 1.0 hadi 1.15. Sura ya 13 ikatoka nzuri zaidi, lakini ikawa kama ya msomaji mwingine. Tukalazimika kurudia zote 12. Siku hizi tunatengeneza sura moja ya majaribio, tunaisikiliza mpaka mwisho, tunakubaliana, kisha namba zote zinaandikwa kwenye faili moja pamoja na jina la sauti na toleo la programu. Baada ya hapo hakuna anayegusa.

Wanaotumia huduma ya mtandaoni wana hatari nyingine: mwenye huduma anaweza kuboresha sauti bila kubadilisha jina lake. Ni busara kutengeneza kitabu kizima ndani ya siku chache zinazofuatana. Na kama sauti inaigwa kutoka kwenye sampuli ya mtu, sampuli iwe ileile moja kwa sura zote. Programu huiga hata hali ya chumba na furaha au uchovu wa msemaji, siyo koo lake tu. Sauti za aina hiyo pia huyumba zikipewa maandishi marefu kwa mkupuo, hivyo tunazipa sentensi mbili au tatu kwa wakati.

Maandishi nayo huleta utofauti, na kwa Kiswahili adui mkubwa ni kile kialama kidogo katika *ng'ombe* na *ng'ambo*. Wachapaji wawili wakigawana kitabu, mmoja ataweka ' iliyonyooka na mwingine ’ iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini programu inaweza kuijua moja tu na kuitupa nyingine, ukasikia *ngombe* katika nusu ya pili ya kitabu. Tunabadilisha zote ziwe za aina moja kabla ya kuanza. Miaka na namba tunaziandika kwa maneno, na majina ya kigeni tunayawekea orodha: linavyoandikwa kitabuni, na linavyoandikwa ili kompyuta ilitamke sawasawa. Orodha hiyo hutumika kwa sura zote, la sivyo mhusika mmoja ataitwa majina mawili.

Sasa tuje kwenye nguvu ya sauti. Kosa la kawaida ni kutazama vilele, yaani pale mchoro wa sauti unapopanda juu kabisa, na kudhani kwamba sura zenye vilele sawa zina nguvu sawa. Sikio halipimi hivyo. Kilele kimoja cha herufi *p* hakimwambii msikilizaji chochote kuhusu dakika 20 zilizobaki. Kipimo kinachofuata sikio ni LUFS, na ubora wake kwa vitabu ni kwamba hakihesabu kimya. Ukipima wastani wa kawaida, sura yenye vituo virefu itaonekana dhaifu, utaipandisha, na maneno yake yatatoka makali kuliko ya jirani.

Tunapima kila sura kwa programu ya bure ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i sura07.wav -af ebur128=peak=true -f null -
```

Mwishoni inaonyesha `I`, nguvu ya sura nzima, na `Peak`, kilele chake. Tuseme sura ya sita ni -19.1, ya saba -22.4 na ya nane -18.7. Kati ya ya saba na ya nane kuna karibu desibeli 4, ndiyo maana mkono ulienda kwenye simu. Lengo letu ni -20 kwa sura zote, vilele visipite -3. Sura ya saba inahitaji desibeli 2.4 zaidi:

```
ffmpeg -i sura07.wav -af volume=2.4dB sura07_sawa.wav
```

Sura nzima inapanda kwa kiasi kimoja, na usomaji wenyewe hauguswi. Ipo njia ya mkato, `loudnorm`, ambayo hufanya yote kwa pamoja, lakini ikiendeshwa mara moja tu hupandisha na kushusha sauti katikati ya sura. Mnong'ono unavutwa juu, na hisia ya mahali hapo inapotea.

Sura ya 19 ilitusumbua: -23.0, na kilele -4.5. Ukiongeza desibeli 3, kilele kinafika -1.5. Unaweza kushusha kitabu kizima hadi -21.5, lakini kwanza tafuta kilele hicho ni nini. Chetu kilikuwa mkwaruzo mmoja mahali vipande viwili vilipounganishwa. Tuliirudia sentensi hiyo na tatizo likaisha. Kuna pia programu zinazopandisha kila kipande hadi kilele kilekile, na hapo jibu fupi kama "Ndiyo" hupiga kelele kuliko aya nzima. Dawa yake ni kuyatuma maneno mafupi pamoja na sentensi ya jirani.

Namba zikikubali, bado tunasikiliza maungio. Tunakata sekunde 10 za mwisho za kila sura, tunaziunganisha na sekunde 10 za mwanzo za sura inayofuata, na kwa sura 30 hiyo ni kazi ya dakika kama 10. Mtu asiyekijua kitabu hicho anasikiliza kwa spika za masikioni na kuinua mkono kila anapohisi kitu kimebadilika.

Faili za WAV tunazihifadhi hata baada ya kutoa MP3, kwa sababu masahihisho huja. Likipatikana kosa miezi mitatu baadaye, haturekebishi neno moja peke yake, kwa kuwa lafudhi yake haitashikana na majirani. Tunarudia aya nzima kwa mipangilio ileile, tunailinganisha na aya ya kabla na ya baada, na kama haikubali kukaa, tunarudia sura yote.