Uajemi ilimezwa, Rumi ikaponea. Kwa nini?

Ndugu msomaji, leo siasa naiweka pembeni. Nataka turudi nyuma karibu miaka 1,400, kwenye swali ambalo kila likizuka kijiweni linaishia kwenye kelele.

Mwaka 632 Mtume Muhammad alifariki mjini Madina. Mwaka 651 Yazdigird wa Tatu, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Wasasani, aliuawa karibu na mji wa Merv, akiwa mkimbizi katika dola yake mwenyewe. Ndani ya miaka hiyo 19 majeshi yaliyotoka Arabuni yalichukua Palestina, Shamu, Misri, Iraki na sehemu kubwa ya Uajemi. Dola la Rumi ya Mashariki, ambalo wasomi wa leo huliita Bizanti, lilipoteza majimbo yake yaliyolipa kodi nono kuliko yote. Dola la Uajemi lilifutika kabisa.

Iliwezekanaje kwa kasi ile? Wengi tumezoea majibu mawili. Wa kwanza atakwambia ni mkono wa Mungu. Hilo ni jambo la imani, na mwanahistoria hana kipimo cha kulipima. Wa pili atakwambia ni upanga. Lakini upanga kila mtu alikuwa nao, tena Warumi na Waajemi walikuwa na mwingi zaidi, pamoja na ngome na hazina. Jibu hilo halielezi chochote.

Mimi nina mtihani wangu ambao naupitishia kila maelezo ya wanahistoria. Maelezo mazuri hayatoshi kusema kwa nini Waarabu walishinda. Yatuambie pia kwa nini walishinda pale na wakakwama kwingine. Majeshi yale yale yaliyoimaliza Uajemi yalisimama kwenye milima ya Taurusi, kusini mwa nchi tunayoiita Uturuki, na Konstantinopoli haikuanguka mbele yao hata baada ya kuzingirwa mwaka 717 na 718. Huku Afrika nako, walipotoka Misri kwenda kusini, Wanubi waliwazuia kwa mishale, na mwaka 652 pande hizo mbili zikafanya mapatano. Kama sababu ni moja tu, mbona matokeo ni tofauti?

Tuanze na maelezo yenye wafuasi wengi: uchovu. Kuanzia mwaka 602 hadi 628 Rumi na Uajemi zilipigana vita ambavyo havijawahi kutokea kati yao. Waajemi walichukua Damasko mwaka 613, Yerusalemu 614, na Aleksandria 619. Mwaka 626 walifika ng'ambo ya bahari mkabala na Konstantinopoli, huku washirika wao Waavari wakiuzingira mji upande wa pili. Kaisari Heraklio akajibu kwa kuivamia Uajemi yenyewe, na Desemba 627 akashinda vita karibu na magofu ya Ninawi. Miezi michache baadaye mfalme Khosro wa Pili akapinduliwa na kuuawa na watu wake.

Waarabu walipoingia Shamu na Iraki, mwaka 633 na 634, Shamu ilikuwa imerudi mikononi mwa Warumi kwa miaka isiyozidi mitano. Kijana wa miaka 20 huko Shamu alikuwa amekulia chini ya Waajemi. Kaisari kwake alikuwa jina tu. Hazina ilikuwa tupu pia. Mwandishi wa Kigiriki Theofane anasimulia kwamba Waarabu waliokuwa wakilinda mipaka ya jangwa walikwenda kudai posho yao, na afisa aliyehusika akawafukuza kwa matusi, akisema kaisari anashindwa kuwalipa hata askari wake, sembuse mbwa. Walinzi wale wakahama upande, wakaenda kuwaonyesha ndugu zao njia ya kuelekea Gaza. Theofane aliandika zaidi ya miaka 150 baadaye, kwa hiyo tusiape kwa maneno ya afisa yule. Ila kwamba mfumo wa kuwalipa Waarabu wa mpakani ulikuwa umevunjika, hilo wanahistoria wengi wanalikubali.

Hugh Kennedy, mwanahistoria wa Kiingereza aliyetoa kitabu kikubwa juu ya mada hii mwaka 2007, anakwenda mbali zaidi. Anasema kama majeshi yale yangetumwa kizazi kimoja kabla, mwaka 600 hivi, ni vigumu kuona yangefika popote. Mimi naona ana hoja. Lakini uchovu peke yake haupiti mtihani wangu, kwa sababu Rumi ilichoka sawasawa na Uajemi, na bado iliponea.

Tofauti iko wapi? Tazama ramani. Mji mkuu wa Uajemi, Ktesifoni, ambao Waarabu waliuita Madain, ulikuwa kando ya mto Tigri, kwenye tambarare ya Iraki, si mbali na jangwa. Utajiri mkubwa wa dola, yaani kodi ya mashamba ya umwagiliaji, ulikuwa papo hapo. Jeshi la Uajemi liliposhindwa Kadisiya, njia ya kwenda ikulu ilikuwa wazi, na Madain ikaanguka kiasi cha mwaka 637. Konstantinopoli ilikuwa mbali, nyuma ya milima, bahari na kuta. Warumi waliposhindwa kwenye mto Yarmuk mwaka 636, Heraklio aliiacha Shamu akavuta mabaki ya jeshi nyuma ya Taurusi. Alipoteza mikono lakini kichwa kilibaki. Uajemi ilikatwa kichwa mwanzoni.

Kuna na jambo la pili. Parvaneh Pourshariati, katika kitabu chake cha mwaka 2008, anasema Uajemi haikuwa dola la mfalme mmoja kama tunavyodhani. Lilikuwa mapatano kati ya ukoo wa kifalme na koo kubwa za mabwana, hasa za asili ya Waparthi, zenye ardhi na majeshi yao. Vita na Heraklio vilivunja mapatano hayo. Kati ya 628 na 632 kiti cha Madain kilikaliwa na watawala wengi, wakiwamo malkia wawili, Boran na Azarmidokht. Rustam, jemadari aliyeongoza Waajemi Kadisiya, alitoka katika mojawapo ya koo hizo, na masimulizi yanasema baba yake aliuawa kwa amri ya Azarmidokht, naye akaja kumlipizia kisasi. Yazdigird alipotawazwa mwaka 632 alikuwa bado kijana mdogo. Alipokimbilia mashariki baada ya kushindwa Nihawandi mwaka 642, mabwana wa majimbo mmoja baada ya mwingine waliona ni afadhali wapatane na wageni kuliko kumlisha mfalme asiye na jeshi.

Sasa twende Misri, maana huko ndiko maelezo ya tatu yanakopendwa sana: kwamba Wakristo wa huko, waliokataa mafundisho ya Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, waliteswa na kanisa la kaisari, hivyo wakawapokea Waarabu kwa vigelegele.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nauliza kwanza: shahidi ni nani? Vitabu vya Kiarabu tunavyovitegemea vimeandikwa baadaye sana. Al-Baladhuri alifariki mwaka 892, al-Tabari mwaka 923. Lakini Misri tunaye shahidi wa karibu, Yohana wa Nikiu, askofu wa Kikopti aliyeandika katika karne ileile ya saba. Kitabu chake kimetufikia kwa tafsiri ya Kigiizi tu, iliyofanyika Ethiopia.

Yohana anasema nini? Anakubali kwamba kushindwa kwa Warumi ni adhabu ya Mungu kwa mateso waliyowafanyia Wakopti. Lakini hapo hapo anasimulia mauaji yaliyofanywa na Waarabu walipoingia Nikiu, na anawalaani Wamisri waliojiunga nao. Hizo si habari za vigelegele. Na kama dini ndiyo ingekuwa sababu, tueleze vipi Yerusalemu? Aliyeukabidhi mji ule ni Patriaki Sofronio, mtetezi mkubwa wa Kalkedonia.

Kilichoiangusha Misri kinaonekana ukifuata tarehe. Amr bin al-As alivuka mpaka mwishoni mwa 639, akiwa na watu wanaokadiriwa 4,000. Mwaka 640 aliletewa nguvu mpya, akashinda vita vya Ain Shams, akaizingira ngome ya Babiloni, mahali ilipo Kairo ya leo. Februari 641 Heraklio akafa. Mwanawe aliyemrithi naye akafa baada ya miezi michache, na ikulu ikaingia katika ugomvi wa mjane na watoto wa kambo. Babiloni ilijisalimisha Aprili mwaka huohuo, bila jeshi la kuiokoa.

Novemba 641 Patriaki Kiro, aliyekuwa pia mtawala wa Misri kwa niaba ya kaisari, alitia saini mapatano. Yohana ametuachia masharti: kodi italipwa, mapigano yatasimama kwa miezi 11, askari wa Rumi wataondoka na mali zao, makanisa hayataguswa, na Warumi watatoa mateka 150 wa jeshi na 50 raia. Septemba 642 Warumi walipanda meli. Aleksandria, mji wenye kuta na bandari, uliondoka mkononi mwa kaisari kwa karatasi.

Hapa ndipo ninapoona siri ya ile kasi. Kuteka miji yote kwa nguvu kungechukua vizazi. Badala yake mji ulipewa hesabu rahisi: lipa kodi, baki na nyumba, shamba na kanisa lako. Lakini ahadi kama hiyo inahitaji mtu wa kuisimamia, na hapo Fred Donner, aliyeandika mwaka 1981, anatusaidia. Anasema haya hayakuwa mafuriko ya mabedui wenye njaa, kama wasomi wa zamani walivyodhani. Yalikuwa majeshi yaliyotumwa na serikali ya Madina, chini ya watu wa mijini waliojua biashara na siasa. Askari waliwekwa katika miji ya kambi, Basra, Kufa na Fustat, wakalipwa posho, wasitawanyike kupora mashamba. Imani iliwapa umoja ambao makabila yale hayakuwahi kuwa nao. Utawala uliufanya umoja huo udumu.

Rudisha sasa maelezo haya kwenye ule mtihani. Hesabu ya kodi ilifanya kazi mahali ambapo mtu wa mjini aliona mwenye nchi harudi tena. Misri na Shamu walingoja jeshi la kaisari likachelewa. Uajemi hapakuwa na wa kumngoja. Nyuma ya Taurusi, kaisari alikuwa bado yupo, analipa na kupigana, na hapo ofa ile haikupata mnunuzi.

Wanubi nao? Wale hawakuwa wamechoka kwa vita vya mtu mwingine, na mfalme wao alikuwa nyumbani kwake Dongola. Kisa chao ni kirefu, nitakileta siku nyingine.