Kuhakiki, Kuridhia, Kuhitimisha: Istilahi za Karatasi ya Mtihani wa Usimamizi wa Miradi

Katika ofisi za miradi za Kibondo na Kasulu si ajabu kukuta karatasi moja yenye jedwali, ambayo mtahiniwa huikariri kabla ya kufanya mtihani wa cheti cha usimamizi wa miradi. Karatasi hiyo hupanga michakato katika makundi matano, na kila mchakato huonyesha vinavyoingia na vinavyotoka. Chimbuko lake ni taasisi ya Marekani iliyoundwa mwaka 1969, ambayo ilianza kutahini mwaka 1984 na kutoa toleo la kwanza la mwongozo wake mwaka 1996. Toleo la sita, la mwaka 2017, lilikuwa na michakato 49: kuanzisha 2, kupanga 24, kutekeleza 10, kufuatilia na kudhibiti 12, na kufunga 1. Toleo la mwaka 2021 liliuacha mpangilio huo, lakini mwaka 2022 taasisi iliutoa tena katika kitabu cha peke yake.

Kosa la kwanza la wafasiri ni kuyaita makundi hayo «hatua». Hatua hufuatana, ya kwanza ikiisha huanza ya pili. Makundi hayako hivyo. Mradi wenye hatua mbili, tuseme uchimbaji wa kisima na kisha utandazaji wa mabomba, huanzishwa, hupangwa, hutekelezwa na hudhibitiwa katika kila hatua. Mtahiniwa aliyejifunza neno «hatua» hudhani kupanga hukoma siku ya kwanza ya kuchimba, naye hujibu vibaya. Tunapendelea «kundi la michakato».

Kwa kinachoingia wengi hutumia «pembejeo». Neno hili linaeleweka upesi katika nchi ya wakulima wa mahindi na maharage, lakini mbegu na mbolea zikitumika zimekwisha. Hati ya kuanzisha mradi haiishi kwa kutumiwa. Ni tokeo la mchakato wa kwanza, huingia katika kuandaa mpango wa mradi, na huonekana tena mwishoni. Kwa hiyo twaona «ingizo» na «tokeo» vyafaa zaidi, mradi «tokeo» lisichanganywe na matokeo ya mbali, kama vile kupungua kwa kuhara kambini.

Penye utajiri mkubwa, na hatari kubwa, ni mnyororo mmoja ambao karatasi huutawanya katika safu mbalimbali. Tuchukue kisima katika kambi mfano wa Nduta, wilayani Kibondo. Utekelezaji hutoa kisima kilichochimbwa. Kisima hicho huingia katika kudhibiti ubora, ambako fundi hupima kina, wingi wa maji na usafi wake akilinganisha na vipimo vilivyoandikwa. Hutoka kisima kilichohakikiwa. Hicho nacho huingia katika mchakato ambao mfadhili au mteja hukagua na kukubali. Hutoka kisima kilichokubaliwa. Mwisho, mchakato wa kufunga hukipokea na kukikabidhi kwa watakaokitunza. Kiswahili kinabeba mfuatano huu kwa kitenzi cha kutendwa tu: kilichochimbwa, kilichohakikiwa, kilichokubaliwa, kilichokabidhiwa. Anayekumbuka maneno hayo manne hana haja ya kukariri safu nne.

Mtego uko kwenye jedwali lenyewe. Safu ya mawanda ya kazi hutangulia safu ya ubora, kwa hiyo msomaji hudhani mteja hukubali kwanza na fundi hupima baadaye. Kwa kawaida ni kinyume chake. Jina la mchakato wa mteja nalo limebadilika: hadi toleo la mwaka 2008 liliundwa kwa kitenzi chenye maana ya kuhakiki, na mwaka 2013 likabadilishwa, kwa kuwa lilifanana mno na kazi ya fundi. Mfasiri anayefuata karatasi ya zamani huirudisha fujo hiyo. Anayeandika «kudhibiti ubora» na «kuthibitisha mawanda» huongeza nyingine, kwani dhibiti na thibitisha hukaribiana masikioni. Twashauri «kuhakiki» kwa fundi na «kuridhia mawanda» kwa mteja. Kuridhia ni tendo la mwenye mamlaka ya kukataa.

Limebaki neno «kufunga». Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwaka 2012 baada ya Warundi kurejeshwa kwao; Nduta, iliyokuwa imekwisha kufungwa, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 Warundi walipokimbia upya. Mtu wa huko akisoma kwamba mradi wa maji «unafungwa», huona bomba likikatwa na watu wakipakiwa kwenye malori, hali karatasi inasema tu kwamba kazi imekabidhiwa, hesabu zimekamilishwa na kumbukumbu zimehifadhiwa. Twapendekeza «kuhitimisha mradi», na kufunga kubaki kwa kambi, akaunti na milango.