Usaili wa awali kwa simu: dakika kumi za kuamua nani aitwe ana kwa ana

Msimu wa korosho unapokaribia kufunguliwa katika mikoa ya kusini mwa Tanzania, vyama vingi vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, hutafuta makarani wa mizani. Nafasi ni moja au mbili, lakini barua za maombi zinaweza kufika ishirini na zaidi. Kuwaita wote ofisini ni kuwachosha watu, na wengine wangelipa nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi kwa kazi wasiyoweza kuipata. Kuchagua kwa kutazama barua tu nako ni hatari, kwa sababu barua nzuri mara nyingine imeandikwa na ndugu aliyesoma.

Kati ya barua na usaili kamili, chama kinaweza kuweka simu fupi ya dakika kumi. Simu hiyo ikipigwa vizuri huokoa nauli na muda wa watu. Ikipigwa ovyo humtupa nje mtu anayefaa kwa sababu tu alichelewa kupokea, au sauti yake haikumpendeza aliyepiga. Na karani wa mizani asiyefaa humgharimu mkulima kilo zake msimu mzima.

Tuchukue mfano wa chama chenye waombaji 24 kinachotaka kuwaita sita kwenye usaili kamili.

Kwanza kamati iamue simu hii inapima nini. Dakika kumi hazitoshi kujua kama mtu ni mwaminifu, na anayedhani anaweza kuusikia uaminifu kwenye sauti anajidanganya. Simu haionyeshi mwandiko wala namna mtu anavyosoma mizani. Hayo yasubiri siku ya ana kwa ana, mwombaji akiwa mbele ya mizani yenyewe. Simu inaweza kueleza mambo manne: kama mtu atapatikana msimu wote, kama anaweza hesabu ndogo ya kilo, kama amewahi kushika kumbukumbu za mali ya watu, na atafanya nini mkulima akilalamika.

Kwa hiyo maswali ni manne, yaandikwe kwenye karatasi na kila mwombaji aulizwe hayohayo kwa mpangilio uleule. La kwanza: "Tangu msimu ufunguliwe mwezi wa kumi hadi ufungwe, utaweza kufika ghalani saa moja asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi?" Hili halina alama. Anayesema hawezi aelezwe kwamba ratiba ndiyo hiyo, aulizwe mara ya pili, na akirudia kwamba hawezi, simu iishie hapo kwa heshima.

La pili ni hesabu: "Mkulima ana magunia mawili. La kwanza limesoma kilo 82, la pili kilo 79. Gunia tupu lina kilo 1. Utamwandikia kilo ngapi za korosho?" Jibu ni 159. Mwombaji atumie kalamu na karatasi, apewe dakika mbili za kimya, na aliyepiga asimharakishe. Akijibu 159 apate alama 2. Akisema 160 au 161 amejumlisha vizuri ila amesahau gunia moja au yote mawili, apate 1. Jibu lingine ni 0.

La tatu: "Umewahi kupima au kuandika kitu cha watu wengine? Ulikuwa unafanyaje?" Hapa tusidai kazi ya ghalani peke yake. Aliyeuza dukani, aliyepima unga kwenye mashine ya kusaga, aliyeshika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, wote wana la kueleza. Alama 2 ni kwa anayesema alipima au aliandika nini na jinsi alivyofanya. Alama 1 ni kwa anayetaja kazi bila kueleza namna. Anayesema "nimefanya kazi nyingi" akaishia hapo hana alama.

La nne: "Mkulima anasema uzito ulioandika si sahihi, na nyuma yake kuna foleni ndefu. Utafanya nini?" Anayesema atapima upya mbele ya mkulima, akianza kwa kuhakikisha mizani inasoma sifuri, apate 2. Anayesema atapima upya tu, au atamwita kiongozi, apate 1. Anayesema atamweka pembeni foleni iendelee apate 0.

Jumla ya juu ni alama 6. Kabla ya simu ya kwanza kamati iandike kwamba anayepata 4 kwenda juu anaitwa. Kiwango kikipangwa baada ya kuona majina na alama, si vigumu kukisogeza mpaka kimfikie mtu fulani. Na je, wakifika tisa badala ya sita? Waitwe wote tisa. Wakiwa wanne, waitwe hao wanne.

Sasa simu yenyewe. Asipigiwe mtu kwa kushtukizwa. Siku mbili kabla atumiwe meseji kama hii: "Habari. Tutakupigia Jumatano saa 10 jioni kwa dakika 10 kuhusu ombi lako la ukarani wa mizani. Kaa na kalamu na karatasi. Hakuna malipo yoyote. Kama muda haukufai, bipu tupange mwingine." Meseji itaje jina la chama na itoke kwenye namba ileile itakayopiga. Salio ni la chama.

Wapo waombaji wanaotumia simu ya mume, ya kaka au ya jirani. Wapo wanaoacha simu kwenye kibanda cha kuchaji hadi jioni. Kwa hiyo asiyepatikana apigiwe mara tatu, kwa saa tofauti, na angalau mara moja iwe jioni baada ya kazi za shamba. Kila jaribio liandikwe na saa yake. Akipokea mtu mwingine, aulizwe tu ni lini mwombaji atapatikana, asiulizwe habari zake. Mtandao ukikatika katikati, sisi ndio tupige tena na kuanza swali lile lililokatika, na hilo lisimpunguzie mtu alama. Asiyesikia vizuri au asiyeweza kuzungumza kwa simu apewe maswali hayohayo kwa meseji, au ana kwa ana.

Jambo moja husahaulika sana vijijini: maswali huvuja. Wa kwanza akikata simu, wa tano ameshajua kilo za kujumlisha. Simu 24, kila moja ikipewa robo saa pamoja na muda wa kuandika, ni saa sita, basi zimalizwe kwa jioni mbili zinazofuatana. Hesabu nayo iwe na namba za aina tatu zenye ugumu sawa. Badala ya 82 na 79, mwingine apewe 84 na 76, ambapo jibu ni 158, na mwingine 77 na 86, ambapo jibu ni 161. Shuku kwamba maswali yamevuja pale mwombaji atakapojibu 159 wakati umempa 77 na 86.

Wakati wa simu, anayepiga aandike maneno ya mwombaji kama alivyoyasema, si maoni yake mwenyewe. "Anajiamini" au "amepoa" ni maoni. "Nilikuwa napima debe, naandika jina na kilo" ni jibu. Alama zitolewe mara simu inapokatwa, kabla ya kumpigia mwingine. Baadaye mtu wa pili asome maandishi hayo bila jina, kwa namba ya mwombaji tu, naye atoe alama zake.

Tuone waombaji wawili wa mfano wetu. Namba 9 anasalimia vizuri, anaongea Kiswahili kilichonyooka na anacheka na aliyempigia. Kwenye hesabu anajibu 160, alama 1. Kuhusu kazi anasema ameshafanya kazi za kila aina, alama 0. Kuhusu mkulima anasema atapima tena, alama 1. Jumla ni 2. Namba 16 anaongea chini chini, mtoto analia karibu naye, lafudhi ya Kimakonde inasikika, na kwenye hesabu ananyamaza karibu dakika nzima. Kisha anasema 159. Anaeleza kwamba kwenye mashine ya kusaga alikuwa akipima mahindi, anaandika jina la mteja na kilo, jioni anajumlisha. Kwa mkulima anayelalamika anasema atapima tena. Jumla ni 5.

Bila karatasi ile, tunaamini wengi wetu tungemkumbuka namba 9. Ukarani wa mizani hauhitaji sauti ya mtangazaji, na hilo tunalisema sisi tunaoishi kwa sauti.

Tuseme msomaji wa pili amempa namba 16 alama 1 kwenye swali la tatu badala ya 2. Wawili hao warudi kwenye maandishi na kwenye maelezo ya alama. Ameeleza alivyofanya? Ndiyo: jina, kilo, jumla ya jioni. Basi ni 2. Wasipokubaliana kabisa, na alama hiyo moja ndiyo inayoamua, mwombaji aitwe. Kumwita mtu wa ziada ni nusu saa ya kamati, na yule aliyeachwa nje hatapata nafasi nyingine ya kujieleza.

Yapo maswali yasiyopaswa kuulizwa hata kwa njia ya mazungumzo: kabila lako lipi, umeolewa, una watoto wangapi, una mimba, unasali wapi, uko chama gani cha siasa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa namna hiyo kazini, na kinamhesabu pia mwombaji wa kazi. Ukitaka kujua kama mama mwenye mtoto mchanga atafika saa moja asubuhi, swali la kwanza limeshauliza hilo, na wanaume wameulizwa vilevile.

Halafu kuna undugu. Kijijini haikosekani kwamba mwombaji ni mpwa wa mwenyekiti au shemeji wa katibu. Mjumbe mwenye ndugu kwenye orodha aseme mapema, asimpigie ndugu yake wala asisome karatasi yake, na iandikwe kwamba alijitoa. Ndugu mwenyewe asizuiwe kuomba.

Kwa wewe unayesubiri kupigiwa: simu ya namna hii haidai pesa. Anayekuambia utume ada ya fomu, au umtajie namba ya siri ya simu yako, ni tapeli hata kama anataja jina la chama kwa usahihi. Kata, kisha uliza ofisini.

Simu zikiisha, kila mwombaji apate meseji ndani ya wiki moja, aliyepita na asiyepita. Karatasi zote 24 zifungwe pamoja na kuwekwa kabatini, pasipofikiwa na kila mtu, kwa sababu zina habari za watu. Akija mtu kulalamika, afunguliwe karatasi yake mwenyewe, aone alichojibu na alama aliyopewa kwa kila swali.