Jina la kisayansi: mkarafuu, majimoto na mabano

Tuchukue sentensi moja ambayo mwanafunzi wa kilimo au biolojia anaweza kuiandika katika ripoti ya mafunzo kwa vitendo:

Mikarafuu (Syzygium Aromaticum L.) hukaliwa na majimoto (Oecophylla longinoda Latreille, 1802) ambao huwalinda wadudu gamba (S. Zanzibarensis).

Habari yenyewe ni sahihi. Majimoto ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya miti, na katika mashamba ya karafuu ya Zanzibar hufuga wadudu gamba ili wapate majimaji matamu wanayotoa. Lakini majina matatu ya kisayansi yaliyomo humo yote yameharibika, na kila moja kwa namna yake. Tukiyatengeneza moja baada ya jingine tutakuwa tumepitia karibu kila kanuni anayoihitaji mwanafunzi.

Tuanze na istilahi yenyewe. Watu wengi husema "jina la Kilatini". Mimi nashikilia "jina la kisayansi", kwa sababu maneno mengi yanayoingia katika majina haya si ya Kilatini. *Syzygium* limetokana na Kigiriki, na *zanzibarensis* ni jina la visiwa vyetu lililotiwa mwisho wa Kilatini. Lililo la Kilatini ni sarufi inayoyaongoza, na hiyo tutaifikia. Jina la spishi huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni jenasi, ambayo spishi kadhaa huweza kuishiriki. Ya pili nitaiita kibainishi, kwa kuwa kazi yake ni kubainisha spishi moja ndani ya jenasi hiyo. Jina la spishi ni maneno yote mawili kwa pamoja. Neno *aromaticum* likisimama peke yake si jina la mmea wowote, kwani maana yake ni "yenye harufu nzuri" tu, na jenasi nyingi zina spishi inayoitwa hivyo.

Jenasi huanza kwa herufi kubwa na kibainishi kwa herufi ndogo, hata kama kimetokana na jina la mahali au la mtu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani katika Kiswahili tumezoea kuandika Zanzibar na Mzanzibari kwa herufi kubwa, basi *zanzibarensis* linaonekana kama kosa la chapa. Si kosa. Liandikwe hivyo hivyo, na *aromaticum* nalo vilevile.

Kibainishi kikiwa kivumishi hufuata jenasi yake kama kivumishi cha Kiswahili kinavyofuata ngeli ya nomino. Kilatini kina ngeli tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike. Mkarafuu unalionyesha jambo hili vizuri kuliko mmea mwingine ninaoujua, kwa sababu umehamishwa jenasi. Linnaeus aliuita *Caryophyllus aromaticus* mwaka 1753. Vitabu vingi vya zamani vya kilimo huuita *Eugenia aromatica*. Leo ni *Syzygium aromaticum*. Kibainishi ni kile kile, ila mwisho wake umebadilika mara mbili kufuata jenasi. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoa kibainishi katika kitabu cha zamani na kukibandika kwenye jenasi mpya, akaandika "Syzygium aromatica", ameunda jina ambalo halipo. Lakini si kila kibainishi ni kivumishi. Mzambarau ni *Syzygium cumini*, na *cumini* ni nomino yenye maana ya "wa bizari nyembamba". Linnaeus aliuita *Myrtus cumini*, na ulipohamia *Syzygium* neno hilo halikubadilika hata herufi moja. Njia salama ni kutobuni mwisho kwa kukisia. Kwa mimea, angalia jina lote katika IPNI au Plants of the World Online, kisha ulinakili kama lilivyo.

Mwandiko wa mlazo, au italiki, huwekwa kwenye jenasi na kibainishi tu. Jina la aliyelitoa jina hubaki wima, mabano hubaki wima, na jina la kawaida kama mkarafuu au majimoto halihusiki kabisa. Vifupisho "sp." na "spp." navyo hubaki wima. Ukishindwa kutambua mdudu gamba zaidi ya jenasi utaandika *Saissetia* sp., na kama una hakika spishi ni zaidi ya moja, *Saissetia* spp. Kwa mkono, kwenye daftari la maabara au karatasi ya mtihani, pigia mstari chini ya kila neno peke yake, pasipo kuunganisha mistari hiyo miwili. Kichwa cha habari kikiwa chote kwa mlazo, jina la kisayansi ndilo litakalosimama wima ili liendelee kutofautiana na maneno yaliyo pembeni yake.

Mlazo hupotea mara nyingi wakati wa kunakili maandishi kutoka faili moja kwenda jingine. Katika Word kuna dawa ya haraka. Bonyeza Ctrl+H, andika *Syzygium aromaticum* katika kisanduku cha kutafuta, na katika kisanduku cha kubadilishia andika `^&`, alama inayomaanisha "maneno yale yale yaliyopatikana". Kishale kikiwa bado ndani ya kisanduku hicho cha pili, bonyeza Ctrl+I, kisha badilisha yote. Rudia kwa *S. aromaticum*. Kisha, ndani ya maandishi yenyewe, kati ya "S." na neno linalofuata weka nafasi isiyokatika kwa kubonyeza Ctrl+Shift+Space, la sivyo mstari utakatika, "S." ibaki juu na *aromaticum* ishuke chini.

Sasa kufupisha. Jina hutajwa kwa ukamilifu mara ya kwanza, kisha jenasi hufupishwa kwa herufi yake ya kwanza na nukta. Kibainishi hakifupishwi. Jenasi haifupishwi ikiwa imesimama peke yake, na mwanzoni mwa sentensi ni vyema kuiandika yote. Jedwali au mchoro unaoweza kusomwa peke yake uanze upya na jina kamili, kwa kuwa msomaji anaweza kufungua ukurasa huo tu. Muhtasari wa ripoti nao huhesabiwa kivyake.

Sentensi yetu imevunja kanuni hii kwa namna iliyo mbaya zaidi. Imetaja *Syzygium*, kisha ikaandika "S. Zanzibarensis". Msomaji atadhani ni aina nyingine ya mmea wa jenasi ya mkarafuu, wakati anaelezwa habari za mdudu. Hata kama *Saissetia* ingekuwa imetajwa kwa ukamilifu mapema, *S. aromaticum* na *S. zanzibarensis* zikikaa aya moja zitamchanganya mtu. Jenasi mbili zinapoanza kwa herufi moja, iandike kila moja kwa ukamilifu hadi mwisho. Watafiti wa mbu wana desturi yao: huandika *An.* kwa *Anopheles* na *Ae.* kwa *Aedes*, kwa hiyo *An. gambiae* na *Ae. aegypti* hazigongani. Ukitumia desturi kama hiyo, itumie kote katika ripoti.

Limebaki jina la mtu aliyelitoa jina. Wapo wanaomwita "mamlaka ya jina", neno ambalo naliona linapotosha. Aliyechapisha jina hana uwezo wa kulizuia lisihamishwe wala kulifuta, na jina likishachapishwa kwa kufuata kanuni haliko mikononi mwake tena. Nitamwita mtoa jina. Hutajwa kwa sababu watu wawili wameweza kuchapisha jina lenye herufi zile zile kwa viumbe tofauti, na mtoa jina ndiye anayetuambia ni kiumbe kipi kinachokusudiwa. Katika ripoti ya darasani hutajwa mara moja tu, pale jina linapoonekana kwa mara ya kwanza ndani ya maelezo au kwenye orodha ya spishi.

Kwa mkarafuu, jina kamili ni *Syzygium aromaticum* (L.) Merr. & L.M.Perry. Herufi L. ni Linnaeus, kifupisho chake maalumu katika botania. Yuko ndani ya mabano kwa kuwa ndiye aliyetoa kibainishi, ila katika jenasi nyingine. Nje ya mabano wapo Merrill na Perry, wanabotania waliouhamishia mkarafuu kwenye *Syzygium* mwaka 1939. Mwanafunzi aliyeandika "Syzygium Aromaticum L." anasema kwamba Linnaeus mwenyewe aliuweka mkarafuu humo, jambo ambalo hakulifanya. Linganisha na mwembe, *Mangifera indica* L.: hakuna mabano, maana tangu 1753 haujahama.

Kanuni za wanyama ni tofauti, na mwanafunzi anayechanganya mimea na wadudu katika ripoti moja lazima ashike zote mbili. Kwa wanyama, mtoa jina huweza kufuatwa na mkato na mwaka. Mabano huonyesha kwamba spishi imehama jenasi, lakini aliyeihamisha hatajwi. Latreille aliwaita majimoto *Formica longinoda* mwaka 1802. Leo wamo katika *Oecophylla*, kwa hiyo ni *Oecophylla longinoda* (Latreille, 1802). Bila mabano, sentensi yetu ilidai kwamba Latreille aliwaweka humo tangu mwanzo.

Mabano hayo huzaa kosa jingine. Mwanafunzi huyaona, hudhani ni rejeleo la kitabu, kisha humtafuta Latreille 1802 ili amtie katika orodha ya marejeleo, au huondoa mkato ili ulingane na mtindo wa marejeleo wa chuo chake. Latreille hapo si rejeleo, ni mtoa jina. Mkato ubaki, na katika orodha ya marejeleo asiingie isipokuwa umeisoma kazi yake na kuitumia.

Sentensi iliyotengenezwa itasomeka hivi: Mikarafuu (*Syzygium aromaticum* (L.) Merr. & L.M.Perry) hukaliwa na majimoto (*Oecophylla longinoda* (Latreille, 1802)) ambao huwalinda wadudu gamba (*Saissetia zanzibarensis* Williams). Mabano ndani ya mabano hayapendezi, na ninapoweza huyakwepa kwa kutenga jina kwa mikato, au kwa kuwapeleka watoa majina wote kwenye jedwali la spishi na kuacha maelezo yakiwa mepesi.

Jambo moja litamkuta yeyote atakayesoma tafiti za zamani za karafuu za Zanzibar, nyingi zikitumia jina la *Eugenia*. Andika jina linalokubalika leo, na mara ya kwanza ueleze kwamba chanzo chako kilitumia lile la zamani, ili msomaji akikifungua atambue kuwa ni mti ule ule. Katika tafiti hizo atakutana pia na kuvu *Valsa eugeniae*, lililohusishwa na ugonjwa wa kifo cha ghafla cha mikarafuu. Kibainishi chake kina maana ya "wa Eugenia", na mkarafuu haupo tena katika jenasi hiyo. Hata hivyo kisiguswe: kanuni haziruhusu jina kubadilishwa kwa sababu tu maana yake imepitwa na wakati.